Hela imefika benki, ankara bado inadai: namba ya rejea ilipotelea wapi?

Swali: Kaka, habari za kazi. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya mbao hapa Mafinga. Tulichukua kifurushi cha biashara cha programu ya ofisi kutoka kampuni ya nje, watumiaji 12 kwa mwaka mzima, ankara ya dola 2,160. Nikalipa kwa benki. Hela ilitoka kwenye akaunti ya dola ya kampuni ya malori ya bosi wetu, maana sisi hatuna akaunti ya dola. Leo siku ya tisa. Benki wanasema imefika, wale wa programu wanasema hawaoni malipo, na akaunti yetu bado imeandikwa inadaiwa. Bosi anataka tulipe tena kwa kadi. Nimeambatisha ankara na karatasi za benki. Nifanyeje?

Jibu: Dada, usilipe tena. Mwambie bosi kadi aiache kwanza, nitakueleza kwa nini.

Nimezisoma karatasi zako. Benki yako inasema kweli, na wale wa programu nao hawadanganyi. Ukurasa wa pili unaonyesha hali ya muamala ni ACCC, maana yake benki ya mpokeaji imethibitisha kuwa imeingiza hela kwenye akaunti ya mteja wake. Ungekuta ACSP, ningekuambia bado iko njiani na tungeibana benki. Ungekuta RJCT, ningekuambia imekataliwa na inarudi. Kwa hiyo dola zimo kwenye akaunti ya benki ya wauzaji. Zisikofika ni kwenye akaunti yako wewe kama mteja wao, na hilo si jambo la benki tena. Ni kazi ya ofisi ya malipo ya wauzaji: kuziangalia hela zilizoingia na kujibu ni za nani na zinalipia ankara ipi.

Kazi hiyo niliifanya kwa miaka kadhaa nikiwa upande wa kupokea, kabla sijarudi Mbeya kushika vitabu vya watu. Inakwenda hivi. Taarifa ya benki ya siku iliyopita inaingia kwenye mfumo kama faili, mstari kwa mstari. Mfumo unatafuta kwanza namba ya ankara ndani ya maelezo ya kila malipo. Ukiipata herufi kwa herufi, unalinganisha kiasi. Vyote viwili vikikubaliana, ankara inafungwa na kifurushi kinawashwa, wala hakuna mtu aliyegusa kitu. Namba isipoonekana, mfumo unajaribu jina la mlipaji. Jina nalo likigoma, kinabaki kiasi, na hapo ndipo wauzaji wa vifurushi wanapopata taabu kuliko wafanyabiashara wengine. Bei zao ni zile zile kwa kila mtu. Kila ofisi ya watu 12 inayolipa dola 15 kwa mtu kwa mwezi italeta dola 2,160 kwa mwaka, iwe iko Mafinga au Manila. Kiasi hakimtambulishi mtu yeyote. Malipo kama hayo yanawekwa kando kwenye akaunti ya muda, pamoja na mengine yasiyojulikana mwenyewe, mpaka mtu apate nafasi ya kuyapitia moja moja.

Sisi tumezoeshwa vibaya na kontroo namba. Unapolipa kodi ya serikali au ada ya leseni, mfumo haukubali kupokea hela bila namba hiyo, na ukikosea tarakimu unaambiwa hapo hapo. Malipo ya nje hayako hivyo. Namba ya ankara unaiandika kwenye sehemu ya maelezo huru, na hakuna benki hata moja njiani inayoihakiki. Ukiandika namba ya simu ya shangazi, itasafiri salama hadi mwisho. Benki inaangalia akaunti ya mpokeaji, jina lake, kiasi na masharti ya kisheria. Maelezo inayabeba kama yalivyo, au kama yalivyokatwa.

Neno hilo, kukatwa, ndilo tatizo lako la kwanza. Angalia sehemu hii kwenye nakala yako:

```
:70:SOFTWARE SUBSCRIPTION INV-0047-2091
8
:71A:SHA
```

Ankara yako ni INV-0047-20918. Sehemu ya 70 katika MT103, yaani ujumbe ambao benki hutumiana kupeleka malipo ya nje, ina mistari minne, kila mmoja herufi 35, nafasi tupu zikihesabiwa. Karani alianza na maneno mawili ya kueleza kilichonunuliwa, yakala herufi 22 pamoja na nafasi zake. Zikabaki 13, na namba yako ina herufi 14. Tarakimu ya mwisho ikaanguka mstari wa chini. Wewe ukiitazama unaona namba kamili, kwa sababu jicho linaunganisha. Mfumo unasoma INV-0047-2091, kisha mbele yake kuna nane inayoelea peke yake. Ankara ya namba hiyo fupi ama haipo, ama ni ya mtu mwingine. Ikiwa ni ya mtu mwingine na bado ina deni, basi una bahati kwamba kiasi hakikulingana, la sivyo ungekuwa umemlipia mwenzako.

Kuna watakaoniambia MT103 imeshapitwa na wakati. Ni kweli kwamba benki zimehamia ujumbe mpya wa pacs.008, na kipindi cha kutumia miundo yote miwili kwa malipo ya nje kiliisha Novemba 2025. Huko mpya maelezo yanakaa kwenye kipande kimoja cha herufi 140 bila kukatwa kila baada ya 35. Lakini ujumbe unaanzia kwenye skrini ya karani, na skrini yako inaonekana bado inakata kwa mtindo wa zamani. Nakala yako ndiyo ushahidi. Kikishakatwa pale tawini, muundo mpya hauwezi kukiunganisha.

Alama nazo zinaponza. Muundo wa zamani unakubali herufi, tarakimu, nukta, mkato, kistari cha kati, mkwaju na alama nyingine chache. Alama ya # na mstari wa chini (_) hazimo kwenye orodha, hivyo zinabadilishwa au zinafutwa. Namba yako ina vistari vya kawaida, haina shida hiyo.

Tatizo la pili ni jina. Mfumo ulipokosa namba, ulikwenda kutafuta mlipaji. Ukakuta kampuni ya malori. Kwenye orodha ya wateja wao kuna kampuni ya mbao tu. Kwetu huku ni jambo la kawaida: malori yanapita Tunduma, yanalipwa dola na wateja wa Zambia na Kongo, basi akaunti ya dola iko kwa malori na kampuni nyingine za bosi zinaazima. Kwa muuzaji aliye mbali, hayo ni malipo kutoka kwa mtu asiye na mkataba naye. Kampuni nyingine zinayapokea zikipata maelezo. Nyingine, kwa sababu za kuzuia utakatishaji wa fedha, zinayarudisha yalikotoka, na yakirudi yanarudi yamepungua kwa makato ya njiani. Ndiyo maana nakuhimiza uwaandikie leo, kabla hawajaamua wenyewe.

La tatu ni kiasi, na hapa watu wengi hugombana na wauzaji bure. Karatasi yako ya kwanza inasema 2,160. Ya pili, ile ya ufuatiliaji, inasema mpokeaji amepata 2,135. Tofauti ni dola 25, na hakuna aliyekuibia. Ile SHA kwenye sehemu ya 71A maana yake ni kwamba gharama zinagawanywa: wewe unalipa za benki yako, mpokeaji anabeba zilizobaki. Dola haziendi moja kwa moja kutoka tawi lenu hadi kwa muuzaji. Zinapitia benki ya katikati, mara nyingi New York, na benki hiyo inajikatia ujira wake kutoka kwenye hela yenyewe kabla ya kuipeleka mbele. Nakala uliyopewa siku ya kulipa ilichapishwa kabla ya kukatwa, kwa hiyo haiwezi kuonyesha makato. Ukimpelekea muuzaji nakala hiyo peke yake na kusisitiza umelipa 2,160, atatafuta 2,160 kwenye taarifa yake, hataiona, na atakujibu kwa uaminifu kabisa kwamba hakuna malipo. Nadhani hilo ndilo jibu ulilopata.

Sasa la kufanya. Kitu kinachomwezesha mtu wa upande wa pili kuipata hela yako kwa dakika chache ni namba ya kufuatilia inayoitwa UETR. Ni ndefu, herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari, zimepangwa nane, nne, nne, nne, kisha 12. Iko juu ya ukurasa wako wa pili. Namba hii haibadiliki kutoka benki ya kwanza hadi ya mwisho. Usiichanganye na ile rejea fupi ya sehemu ya 20, ambayo benki yako imejipa yenyewe na pengine haionekani kabisa kwenye taarifa ya muuzaji.

Waandikie ofisi ya malipo, si huduma kwa wateja ya jumla. Huduma ya jumla wanaona skrini ile ile unayoiona wewe: inadaiwa. Anwani ya ofisi ya malipo kwa kawaida imo chini ya ankara yenyewe. Andika kwa Kiingereza kifupi, na namba ya ankara ikae kwenye kichwa cha barua pepe. Ndani, waambie kwamba malipo yamepokelewa lakini hayajaunganishwa na ankara. Kisha taja kiasi ulichotuma, kiasi kilichofika, yaani 2,135, tarehe kilipoingia kwa mujibu wa ukurasa wa pili, na UETR. Taja jina la mlipaji kama lilivyoandikwa kwenye sehemu ya 50, hata kama lina kifupisho au limekosewa, kwa sababu wao wanaliona vivyo hivyo. Eleza kwamba namba ya ankara ilikatika, na uwaonyeshe jinsi ilivyotokea kwenye maelezo: INV-0047-2091, kisha 8. Mtu akitafuta kipande hicho kwenye taarifa yake ataupata mstari wako mara moja. Ambatisha kurasa zote mbili, lakini namba ya akaunti ifiche ibaki tarakimu nne za mwisho.

Pamoja na hayo, ambatisha barua ya kampuni ya malori, kwenye karatasi yake yenye nembo, imesainiwa na mtu mwenye mamlaka ya kusaini akaunti ile. Sentensi mbili zinatosha: kwamba kiasi fulani kilicholipwa tarehe fulani kililipwa kwa niaba ya kampuni ya mbao kwa ankara namba fulani, na kwamba kampuni ya malori haina dai lolote juu ya hela hiyo. Usisubiri waiombe. Ofisi ya malipo ikiwa na barua hiyo, inaweza kuunganisha bila kwenda kuuliza idara ya sheria, na hapo ndipo siku nyingi hupotelea.

Katika barua pepe hiyo hiyo omba mambo mawili. Kwanza, wasifunge akaunti zenu wakati wanashughulikia, wawape muda wa ziada. Ombi hilo hukubaliwa kirahisi mtu akishaona kuna UETR na hela ipo kweli. Pili, uliza kuhusu dola 25. Wauzaji wengi wana kiwango kidogo wanachokivumilia kwa ajili ya makato ya benki, na ankara inafungwa. Asiyevumilia atakuonyesha salio la 25. Usilitume kwa benki, maana gharama ya kutuma itazidi deni, na nayo itakatwa njiani! Omba lihamie ankara inayofuata, au lilipwe kwa kadi kwenye ankara hii hii, kama ukurasa wao unaruhusu kulipa salio tu. Hapo ndipo kadi ya bosi ina kazi.

Wakati unasubiri, kuna kitufe kimoja nakuomba usikiguse: kile cha kutengeneza ankara mpya. Najua kinavyovutia. Unaona deni jekundu, unabonyeza, inatoka ankara safi yenye namba nyingine, na katika mifumo mingi ile ya zamani inabatilishwa papo hapo. Sasa hela yako, ambayo tayari ina namba iliyokatika, inatafuta ankara ambayo haipo tena. Kuongeza au kupunguza watumiaji kunaweza kuleta matokeo hayo hayo, kwa hiyo kama kuna mfanyakazi mpya, asubiri wiki hii. Na ukilipa yote kwa kadi leo, ankara itafungwa kweli, lakini zile 2,135 zitabaki kwenye akaunti ya muda bila ankara ya kulipia. Kuzirudisha itabidi ziende kwa mlipaji, yaani malori, zikikatwa tena, na vitabu vya kampuni mbili vitakuwa na fumbo la kufungua mwisho wa mwaka.

Usiiombe benki irudishe hela pia. Ikishaingizwa kwa mpokeaji, benki yako inaweza tu kuomba, na mpokeaji lazima akubali. Ombi lenyewe lina gharama, na likimkuta muuzaji katikati ya kuunganisha atasimamisha kila kitu mpaka ajue unataka nini hasa.

Kwa wasomaji wanaonunua kwa muuzaji wa hapa hapa Tanzania kwa shilingi, makato ya benki ya katikati hayawahusu, ila kuna jambo linalofanana nalo. Mnunuzi akilipa huduma kwa kampuni ya ndani anatakiwa kuzuia kodi ya zuio ya 5%. Ankara ya huduma ya shilingi 1,000,000 kabla ya VAT inafika pungufu kwa 50,000, na mfumo wa muuzaji unasema malipo hayajakamilika. Dawa yake ni kumpelekea hati ya zuio siku ile ile unayolipa, ikiwa na namba ya ankara. Bila hati hiyo, kwake ni deni tu. Kwa muuzaji wa nje hesabu ya zuio ni nyingine, na dada yangu hilo ulimalize na mshauri wako wa kodi kabla ya malipo ya mwakani, kwa sababu linagusa kiasi kitakachotoka.

Kwenye vitabu, usiandike 2,160 kama gharama ya kampuni ya mbao iliyolipwa na benki, kwa sababu benki ya mbao haikutoa kitu. Malori wanaidai mbao 2,160 pamoja na ada waliyokatwa tawini. Upande wa mbao, deni la muuzaji linapungua kwa 2,135, na zile 25 zinakwenda gharama za benki. Wakizisamehe, unafunga deni la muuzaji na kupunguza gharama ya kifurushi kwa kiasi hicho.

Mwakani, ukifika dirishani, fomu itakuwa na sehemu mbili zinazofanana machoni. Moja ni sababu ya malipo, ambayo benki inaitaka kwa kumbukumbu zake. Nyingine ni maelezo kwa mpokeaji. Maneno ya kueleza programu yaende kwenye ya kwanza. Kwenye ya pili weka namba ya ankara peke yake, kuanzia herufi ya kwanza, kama ilivyochapishwa, bila neno lolote mbele yake. Kama mlipaji ni malori tena, jina la kampuni ya mbao lifuate baada ya namba, mstari wa pili. Gharama chagua OUR badala ya SHA. Utalipa zaidi hapa tawini, lakini kiasi kinachofika kina nafasi kubwa zaidi ya kuwa kamili. Sisemi uhakika, kwa sababu kuna njia ambazo benki ya mwisho bado hujikatia kidogo.

Angalia pia kama ankara ya mwakani imekupa namba ya akaunti ambayo ni yako peke yako. Wauzaji wengine sasa wanafungua namba ya akaunti kwa kila mteja, na hela ikiingia humo wanajua ni yako hata maelezo yakiwa matupu. Kama ni hivyo, namba hiyo ndiyo ya kuinakili, si ile ya mwaka huu iliyohifadhiwa kwenye orodha ya benki. Na kabla karani hajaidhinisha, mwombe akugeuzie skrini au akuchapie rasimu, usome namba ya ankara tarakimu kwa tarakimu, ukitazama na mstari unaishia wapi.